Fahamu: Kwa nini sarafu adimu haifuati bei ya dhahabu

Sarafu ya akiba

Krugerrand ya Afrika Kusini, iliyoanza kutolewa mwaka 1967, ina wakia moja ya dhahabu safi, na thamani yake hupanda na kushuka pamoja na bei ya dhahabu sokoni, juu yake ikiwa ujira mdogo wa kuifua na faida ya muuzaji.

Sarafu ya wakusanyaji

Sarafu ya dola 20 ya Marekani ya mwaka 1933, ambayo takriban nakala zake zote ziliyeyushwa, ina gramu 30 za dhahabu, sawasawa na ya 1924 iliyo tele. Walakini moja iliuzwa mwaka 2021 kwa dola milioni 18.9, ilhali dhahabu yake haikufikia dola 2,000. Ziada hiyo hutokana na uadimu wa sarafu na hali ya uso wake: isugue ing'ae, na ziada hupungua, ingawa dhahabu ni ile ile.