Jiji linaishia wapi? Jinsi nchi mbalimbali zinavyopima kwa safari za kazini

Kila asubuhi kabla ya mapambazuko, matatu hujaa abiria Ongata Rongai, Kitengela, Ruiru na Mlolongo, na wengi wao wanaelekea Nairobi kazini. Jioni hurudi nyumbani. Kwa makazi, wao ni watu wa Kajiado, Kiambu na Machakos, lakini riziki yao iko jijini. Anayepanga reli, barabara au bei ya nyumba lazima aamue: je, watu hawa wahesabiwe kama sehemu ya jiji au la?

Nchi nyingi zimejibu swali hili kwa kuhesabu safari za kila siku za kwenda kazini. Mpaka wa utawala hauguswi. Kinachochorwa ni mpaka mwingine wa takwimu, unaoitwa eneo la jiji na viunga vyake. Kwanza hutafutwa kitovu, yaani mahali penye watu wengi waliokaa kwa msongamano. Kisha kila sehemu iliyo jirani huulizwa swali moja: kati ya wakazi wako wenye kazi, ni wangapi wanaofanya kazi kitovuni? Wakifikia kiwango kilichowekwa, sehemu hiyo huunganishwa na jiji.

Shida ni kwamba kila nchi imeweka kiwango chake. Chukua kitongoji cha kufikirika chenye wakazi 1,000 wenye kazi, na 300 kati yao hufanya kazi jijini. Hiyo ni asilimia 30. Nchini Marekani, ambako kiwango ni asilimia 25, kitongoji hicho kinaingia. Kanada hutaka asilimia 50, kwa hiyo kinabaki nje. Ufaransa ilikuwa ikitumia asilimia 40, na kitongoji hicho kingekuwa nje. Mwaka 2020 ikashusha kiwango hadi asilimia 15, sawa na kile cha Umoja wa Ulaya, na kitongoji kikawa ndani. Hakuna mkazi hata mmoja aliyehama au kubadilisha kazi, ila mji umekua kwenye karatasi.

Japani inaonyesha mtego mwingine. Idara yake ya takwimu hutumia kiwango cha asilimia 1.5 tu, na mtu anaweza kudhani kwamba Wajapani huunganisha chochote kilicho karibu na mji. Lakini asilimia hiyo hupimwa dhidi ya wakazi, si dhidi ya wenye kazi peke yao, na wanaosafiri kwenda shule au chuo pia huhesabiwa. Bado ni kiwango cha chini sana, lakini huwezi kukiweka kando ya asilimia 25 ya Marekani na kulinganisha moja kwa moja. Kabla ya kulinganisha asilimia, lazima ujue ni asilimia ya nani.

Jambo linalosahaulika zaidi ni ukubwa wa kipande kinachopimwa. Marekani hupima kaunti nzima nzima. (Kaunti zao zinapita 3,000, na hazifanani kwa mamlaka na za Kenya.) Kaunti ikifikia kiwango, yote huingia, pamoja na mashamba na majangwa yake. Kaunti ya San Bernardino, mashariki mwa Los Angeles, ina ukubwa wa kilomita mraba 52,000 hivi, zaidi ya mara mbili ya Kajiado. Karibu watu wake wote wamejazana kwenye pembe ya kusini magharibi, na sehemu kubwa iliyobaki ni jangwa la Mojave. Hata hivyo, Needles, mji mdogo ulio mpakani na jimbo la Arizona, huhesabiwa katika eneo la jiji pamoja na mji wa San Bernardino, ingawa ni zaidi ya kilomita 300 kwa barabara.

Upande wa pili wa kaunti hiyo hiyo kuna ajabu iliyo kinyume. Mji wa Upland umepakana na Claremont, na Claremont iko ndani ya Kaunti ya Los Angeles. Nyumba zinafuatana bila pengo. Lakini Upland huhesabiwa na eneo la Riverside na San Bernardino, kwa kuwa kaunti hizo mbili zina miji mikubwa na kazi zake zenyewe, na kwa jumla mafungamano yao na Los Angeles hayajafikia kiwango cha kuziunganisha. Watu wa takwimu walipoona hali hii, waliongeza ngazi nyingine: maeneo jirani yanayobadilishana wafanyakazi kwa kiwango cha chini zaidi, asilimia 15, huunganishwa kuwa eneo moja pana. Kwenye ngazi hiyo, Upland, Needles na Los Angeles zote huwa kitu kimoja. Ndiyo maana magazeti mawili yanaweza kutaja idadi mbili tofauti za watu wa Los Angeles, na yote yakawa sahihi.

Kanada hupima kwa manispaa, kipande kidogo zaidi, na matokeo hubadilika. Mashariki mwa Toronto kuna mkoa wa Durham. Miji yake ya Pickering na Ajax huhesabiwa na Toronto, ilhali Whitby na Clarington huhesabiwa na Oshawa, ambao ni mji wenye eneo lake. Kama Kanada ingepima kwa mkoa mzima jinsi Marekani inavyofanya, Durham isingegawanywa hivyo.

Mipaka hii haibaki kwenye vitabu vya takwimu. Marekani, idara ya nyumba huitumia kuanzia hesabu ya kodi ya nyumba inayokubalika, ambayo huamua kiasi cha msaada wa kodi kwa familia zenye kipato kidogo. Familia iliyo upande huu wa mpaka inaweza kupata kiasi tofauti na ya ng'ambo ya barabara. Ofisi ya bajeti inayochora mipaka hiyo imeonya kwamba haikuchorwa kwa ajili ya kugawa fedha, lakini hutumiwa hivyo.

Kuna pia watu wasioonekana vizuri katika hesabu hii. Anayefanya kazi ya ofisi akiwa nyumbani huhesabiwa kuwa anafanya kazi anakoishi, hata kama mwajiri wake yuko jijini. Mchuuzi asiye na mahali maalumu pa biashara, au fundi anayefuata kazi popote ilipo, hana jibu moja la swali kwamba anafanya kazi wapi. Mahali ambapo watu wengi huishi kwa kazi za aina hiyo, asilimia itakayopatikana itaficha mengi.

Kenya haijafuata njia ya asilimia. Mamlaka ya uchukuzi ya eneo la Nairobi, NAMATA, iliyoanzishwa mwaka 2017, inasimamia kaunti tano zilizotajwa kwa majina: Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a. Faida ni kwamba kila kaunti inajua iko ndani au nje, na serikali zake zinaweza kuketi meza moja. Lakini kwa kuwa kipande ni kaunti nzima, Loitokitok, chini ya Mlima Kilimanjaro, iko ndani ya eneo hilo sawa na Ongata Rongai, ambako mtu huingia Nairobi kwa nauli ya matatu moja. Kuzitenganisha kungehitaji kujua, wadi kwa wadi, wakazi wenye kazi ni wangapi na wangapi kati yao huvuka kuingia Nairobi kila siku, kisha kukubaliana kama kiwango kiwe 15, 25 au 50.