Oda 40 Zilizokuwa 20

Kwenye usaili wa mtaalamu wa matangazo ya kulipia mtandaoni, swali la bajeti huweza kuja hivi: shilingi 600,000 zimeleta oda 40 za viatu, je, zimelipa? Kila oda imegharimu 15,000. Anayeijua kazi huuliza kwanza faida ya jozi moja. Ikiwa ni 20,000, zinabaki 5,000.

Swali la makosa ndilo zito zaidi, na hapo “sijawahi kukosea” ni jibu baya. Afadhali asimulie, tuseme, msimbo wa kuhesabu oda uliowekwa mara mbili kwenye ukurasa wa shukrani. Ripoti ilisema 40, daftari la mauzo 20. Kumbe kila oda iligharimu 30,000: hasara ya 10,000. Kisha aeleze alivyomwarifu mteja siku hiyohiyo, na kwamba sasa hulinganisha ripoti na daftari kila wiki.