Mashine inapomshuku malenga

Mwanao amekesha akitunga shairi la beti tano kuhusu uhaba wa maji mtaani. Jumatatu mwalimu anamrudishia karatasi bila alama, kwa kuwa programu ya kompyuta imesema shairi hilo ni kazi ya akili mnemba. Utamtetea vipi, mzazi? Nawe mwalimu, una hakika gani kuwa programu haikukosea?

Kwanza tuelewe programu hizo hufanya nini. Nyingi hupima jinsi ilivyo rahisi kubashiri kila neno kutokana na maneno yaliyotangulia. Maneno yakifuatana kama yalivyotarajiwa, hukisia kuwa ni mashine iliyoandika. Yakishtua hapa na pale, husema ni binadamu. Katika insha ndefu huenda kipimo hicho kikasaidia. Katika shairi, huvurugika.

Chukua mshororo huu: 'Mifereji mekauka, twabeba maji kwa punda'. Hesabu mizani: minane kwenye ukwapi, minane kwenye utao. Kwa kawaida tungesema 'imekauka', lakini hapo ukwapi ungekuwa na mizani tisa. Mtunzi ameikata ile 'i', ndiyo inkisari. Naye 'punda' amewekwa mwishoni kwa sababu kina ni 'nda'. Programu haijui sababu hizo. Huona tu neno lisilo la kawaida.

Sasa njoo kwenye kibwagizo. Kikirudiwa neno kwa neno katika beti zote tano, mishororo minne kati ya ishirini ni marudio matupu, na hakuna kitu rahisi kubashiri kuliko marudio. Kwa hivyo inkisari inavuta matokeo huku, kibwagizo kinayavuta kule, na yote mawili ni sheria za ushairi. Hayasemi lolote kuhusu aliyeshika kalamu.

Kisha kuna urefu. Beti tano za tarbia kama hizo zina takriban maneno 120 tu. Turnitin, programu inayotumiwa na vyuo vingi, huhitaji angalau maneno 300 ya nathari ndipo ipime, na wenyewe hawaikusudii kwa mashairi. Kampuni ya OpenAI ilipotoa chombo chake Januari 2023, ilionya kuwa hakiaminiki kwa maandishi yasiyofika herufi 1,000, na kwamba hufanya vibaya zaidi nje ya Kiingereza. Julai mwaka huo huo ilikiondoa kwa sababu ya usahihi mdogo.

Je, sikio la msomaji?

Usikimbilie kusema kuwa wewe utatambua kwa kusoma tu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 uliwapa wasomaji wa kawaida mashairi ya Kiingereza, mengine ya washairi mashuhuri na mengine ya mashine. Walipata jibu sahihi chini ya nusu ya mara zote, na wakayapenda zaidi yale ya mashine.

Hata mizani haitoshi kuwa ushahidi. Ni kweli mashine hukosea kuihesabu, kwani huyakata maneno katika vipande visivyolingana na silabi. 'Mtoto' lina mizani mitatu na 'mbuzi' miwili, ingawa yote huanza kwa 'm' na konsonanti. Lakini mwanafunzi anayeanza kutunga naye hukosea papo hapo.

Basi msomaji makini huchunguza jinsi shairi lilivyotungwa. Huomba rasimu. Katika daftari la mtunzi utakuta mshororo uliofutwa, orodha ya maneno ya kina pembeni, pengine 'imekauka' iliyokatwa ikawa 'mekauka'. Rasimu huweza kughushiwa, kwa hivyo yafuate mazungumzo.

Muulize: 'Mbona ulikata hapa?' Aliyetunga atahesabu kwa vidole na kukuonyesha mizani wa tisa. Muulize kuhusu huyo punda: ni wa nani, na maji hutoka wapi? Kisha mwambie autunge upya ubeti mmoja kwa kina kingine, mbele yako, bila haraka. Usidai ubeti wa ajabu. Tazama anavyotafuta: anatamka, anahesabu, anafuta, anarudi. Mwisho, linganisha na tungo zake za awali, ukikumbuka kuwa mtoto anaweza kupiga hatua ghafla akipata jambo linalomgusa.

Njia hii nayo ina mipaka. Mtoto mwoga huweza kukwama mbele ya mwalimu, na mjanja akakariri majibu. Ndiyo maana maswali huulizwa kabla ya kutoa hukumu, na faraghani, si mbele ya darasa. Nawe mwanafunzi, usitupe karatasi ulizochafua kwa kufutafuta. Ndizo shahidi wako.