Fahamu: Faktire gani inakurudishia TVA?

Chukua mfanyabiashara wa Kiwanja aliyenunua rangi ya nyumba Goma kwa faranga 1,000,000. TVA ya Kongo ni asilimia 16, kwa hiyo amelipa 1,160,000. Akiuza kwa 1,500,000 bila kodi, anamtoza mteja TVA ya 240,000. Akiwa amesajiliwa kwa TVA na faktire aliyopewa na muuzaji iko sawa, anakata zile 160,000 na kuipa serikali 80,000 tu. Ikiwa na kasoro, analipa 240,000 zote.

Kasoro yenyewe mara nyingi ni ndogo: karatasi imeandikwa "rangi, 1,160,000, imelipwa", basi. Kodi haionekani popote. Faktire inapaswa kuonyesha bei kabla ya kodi, kiwango cha kodi na kiasi chake, kila kimoja peke yake. Iwe na nambari na tarehe, bidhaa na idadi yake, pamoja na majina na nambari za kodi za pande zote mbili. Ya mnunuzi ndiyo husahaulika, maana muuzaji huandika "mteja" akaendelea na kazi.

Na kama muuzaji hajasajiliwa kwa TVA, hata akiandika faktire vizuri namna gani, hukati kitu. Muulize kabla hujatoa pesa.