Nyumba kama Mhusika: Suala la Upatanisho wa Kisarufi

Katika hadithi ya Edgar Allan Poe ya mwaka 1839 kuhusu kuanguka kwa Nyumba ya Usher, neno moja hubeba maana mbili: jengo na ukoo. Sababu imo hadithini. Ukoo huo haukuwa na matawi ya kudumu. Urithi ulitoka kwa baba kwenda kwa mwana, hata wakulima wa jirani wakaviita vyote viwili kwa jina moja.

Kiswahili kinaumudu uwili huu, kwani "watu wa nyumba moja" ni jamaa. Ugumu umo katika kitenzi. Madirisha ya jengo hilo hufanana na macho, na Roderick Usher huamini kuwa mawe yake yana hisi. Mfasiri akiandika "nyumba alimtazama", ameigeuza kuwa mtu, kama vitu vinavyosema katika ngano. Shaka imekwisha, na hofu pamoja nayo. Akiandika "nyumba ilimtazama", sarufi hubaki ya kitu, ilhali kitendo ni cha mtu. Msomaji hana hakika, na hapo ndipo hofu ilipo.

Faida huonekana mwishoni. Roderick na dadake Madeline, wa mwisho wa ukoo, hufa pamoja. Kisha ufa mwembamba uliotajwa mwanzoni hupanuka na jengo kuzama ziwani. "Nyumba ilianguka" hutosha kwa maanguko yote mawili. Neno "ukoo" lingehitaji sentensi ya pili.