Mtoto wa Kulungu Kwenye Karatasi ya Mtihani

Watahiniwa wengi hueleza jibu la hiari, kisha la kukomaza nafsi, na hukumu huitupia mwishoni kama chumvi iliyosahaulika. Heri kubeba kisa kimoja tangu aya ya kwanza. Mwaka 1979 William Rowe alitoa mfano wa mtoto wa kulungu aliyeunguzwa na moto wa msitu uliowashwa na radi, akateseka siku kadhaa hadi kufa. Hiari ya binadamu haimo hapo, radi haichagui. John Hick angesema mateso hukomaza nafsi, lakini ya nani, ikiwa hakuna aliyeona? Hick hujibu kwamba kama kila uchungu ungekuwa na faida dhahiri, huruma ya kweli isingezaliwa. Lipime jibu hilo papo hapo. Mimi naona linaeleza kuwepo kwa mateso yasiyoeleweka, si wingi wake.