Menya Nanasi kwa Kufuata Macho Yake

Nanasi ni tunda linalopotea sana kwenye ndoo ya taka. Wengi hulimenya kwa kukata ganda nene mpaka macho yote yaishe, na nyama laini yenye maji huondoka pamoja nayo. Hasara hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana kwa jicho. Chukua nanasi lenye upana wa sentimita 12. Ukilikata ganda la sentimita moja na nusu kuzunguka pande zote, umebakiwa na zaidi kidogo ya nusu ya tunda. Ukikata ganda la nusu sentimita tu, unabakiwa na zaidi ya asilimia 80. Macho utayatoa baadaye, na hata ukitoa hesabu ya mifereji yake, bado umeokoa sehemu nzuri ya nanasi lako.

Njia ya kuyatoa imo katika umbile la tunda lenyewe. Kila jicho ni mahali palipokuwa na ua. Maua hayo yalilizunguka shina moja, kila ua likazaa tunda dogo, na matunda hayo yakashikana yakawa nanasi. Kwa hiyo macho hayakutawanyika ovyo, bali yamejipanga katika mistari ya mshazari inayozunguka tunda. Na lile shina ndilo moyo mgumu ulio katikati, uliopita wima toka chini hadi juu.

Tayarisha kisu kikali chenye makali marefu kuliko upana wa nanasi. Kisu butu ndicho cha kuogopwa, kwa sababu ganda hukikataa, nawe ukiongeza nguvu huteleza kuelekea vidole. Tandika kitambaa kibichi chini ya kibao ili kisicheze. Osha nanasi na ulikaushe kabla ya kukata, maana kisu hubeba uchafu wa ganda na kuupeleka ndani. Kibao kilichokatiwa kuku au nyama mbichi kisitumike mpaka kioshwe kwa sabuni.

Lilaze nanasi, kata shungi la majani, kisha kata kitako kidogo tu, kiasi cha sentimita moja, kwa kuwa upande wa chini ndio mtamu zaidi. Lisimamishe kwa kitako hicho bapa. Shusha kisu toka juu kwenda kwenye kibao, ukifuata mviringo wa tunda, ukitoa ganda la juu juu. Ukiona macho ya kahawia yamebaki kama vishimo vidogo, umekata sawasawa. Ukiona njano tupu, umekwenda ndani mno.

Sasa lilaze tena na utazame macho. Utaona mistari ya mshazari inayoelekea kulia na mingine kushoto. Chagua ile ambayo macho yake yamekaribiana zaidi, kwa sababu nyama iliyo kati ya jicho na jicho ndiyo itakayotoka pamoja nayo. Inamisha kisu, kata kando ya mstari kwa kina cha jicho tu. Kisha inamisha upande wa pili ukate kando ya pili, mpaka makali yakutane chini ya macho. Ukanda mwembamba utatoka mzima na kuacha mfereji. Zungusha nanasi juu ya kibao, uendelee na mstari unaofuata. Wauzaji wazoefu hufanya hivi wakiwa wamelishika mkononi, lakini nyumbani liache kibaoni, na ukaushe mikono mara kwa mara kwa sababu maji yake huteleza. Jicho likibaki, utalihisi kwa kidole kama mwiba, basi lichokoe kwa ncha.

Pasua nanasi wima mara nne. Kila robo itaonyesha moyo kwenye ukingo wake, mweupe na wenye nyuzi. Uondoe kwa mkato mmoja ulionyooka, kisha kata robo hiyo kwa urefu. Kwa njia hii kila kipande hupata utamu wa chini na uchachu wa juu, tofauti na vipande vya mviringo ambapo wa kwanza hula asali na wa mwisho hula ndimu.

Moyo usitupwe. Uchemshe pamoja na maganda yaliyooshwa, tangawizi na mdalasini, kisha chuja upate kinywaji. Nanasi bichi huwasha ulimi kwa sababu lina kimeng'enya kinachomeng'enya protini, nacho huharibika kwa moto.

Vipande vikikaa nje visizidi saa mbili, na kwenye joto kali saa moja. Katika friji, ndani ya chombo chenye kifuniko, hukaa siku tatu. Vikianza kutoa povu au harufu ya pombe, vitupe.